Tabisa na Bei ya Mche Mmoja

Tabisa ni mke wa koplo, mtu wa Tororo, na tangu aletwe hapa Kasese sijamwona hata siku moja akitembea kichwa chini. Mimi nimekaa kando ya kambi hii tangu marehemu mume wangu akiwa kwenye sare. Nimeona wake wa askari wakija na kuhamishwa. Wengi nimewasahau majina, lakini huyu sitamsahau.

Sisi wanawake wa kambi tuna chama cha kununua vitu pamoja, na Tabisa ndiye mnunuzi wetu. Huenda Bwera, mpakani na Kongo, kwa Kavira, mama wa Butembo anayeuza sabuni za miche na mafuta ya mawese. Kwa Kavira dazeni ina desturi yake. Ukilipia kumi na mbili, anakuongezea mche mmoja juu, wanauita matabishi. Kwenye ankara hauandikwi. Wanunuzi wengi wanautia kwenye mkoba wao na hakuna anayewauliza. Tabisa alikuwa anauleta kwenye chama pamoja na mingine, wala hakuona haja ya kututangazia.

Basi Mugenyi, mwenye kantini, akataka yeye ndiye atuuzie. Akaleta mali na ankara yake: sabuni, katoni moja, 58,000. Mawese, debe moja, 85,000. Ya Tabisa ilisema: sabuni, furushi moja, 65,000. Mawese, jerikeni moja, 90,000.

Naswiba, mke wa sajenti na mwenyekiti wetu, akatuita sote uwanjani.

"Elfu saba kwa kila furushi inakwenda wapi, Tabisa? Maana kitenge chako naona ni kipya."

"Kitenge alininunulia mume wangu. Wako hajui duka?"

Wanawake wakacheka. Naswiba hakucheka. "Jiuzulu kwa heshima. Tusiitane wezi."

"Umeshaniita. Sijiuzulu. Fungueni katoni yake na furushi langu, mhesabu."

"Mama, katoni ni katoni," Mugenyi akasema.

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Na nyumba ni nyumba, Mugenyi. Yako na ya brigedia ziko sawa?"

Wakafungua. Katoni ya Mugenyi ilikuwa na miche ishirini. Furushi la Tabisa lilikuwa dazeni mbili, lakini walipohesabu wakapata ishirini na sita. Naswiba akahesabu tena mwenyewe, akidhani wamekosea.

"Hii miwili imetoka wapi?"

"Ni matabishi, mmoja kwa kila dazeni. Mmekuwa mkiyaogea. Sasa toa simu yako, mwenyekiti, ugawe wewe. Usiseme nimekudanganya."

Tulileta mizani, tukapima kwanza miche ya wote wawili. Ilikuwa na uzito mmoja. Naswiba akabonyeza. Elfu hamsini na nane kwa ishirini: 2,900 kila mche. Elfu sitini na tano kwa ishirini na sita: 2,500.

"Ongeza nauli," Tabisa akamwambia. "Elfu mbili mia sita kila furushi kutoka Bwera. Msije mkasema nimeificha."

Ni shilingi mia kwa kila mche, ikawa 2,600. Hata hivyo alikuwa chini kwa shilingi mia tatu.

"Na mafuta?" Mugenyi akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Debe lake liliandikwa kilo 17. Jerikeni ni lita 20. Mmoja akaanza kugawa kwa kumi na saba na kwa ishirini, Tabisa akamshika mkono. "Lita si kilo, dada. Mafuta ni mepesi." Tukarudi kwenye mizani, tukapima chupa tupu, tukaijaza lita moja, tukapima tena, tukatoa uzito wa chupa. Zikabaki gramu mia tisa. Kwa hiyo jerikeni yote ilikuwa kilo 18. Kilo ya Mugenyi, 5,000. Ya Tabisa, nayo 5,000, kabla ya nauli ya jerikeni.

"Mafuta Mugenyi amenishinda," Tabisa akasema, kifua mbele kama aliyeshinda. "Tuchukue kwake. Sabuni, hapana."

Naswiba akafuta jasho. "Basi, yameisha. Endelea na kazi."

"Hayajaisha. Umeniita mwizi mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

Naswiba akatazama chini, akanong'ona: "Tabisa si mwizi."

"Sauti, afande!" akapaza mmoja nyuma, na uwanja wote ukalipuka kicheko.

Akasema tena, safari hii mpaka mlinzi wa getini akageuka.

"Asante," Tabisa akasema. "Na kuanzia leo, ankara isiyosema ndani mna miche mingapi au kilo ngapi, hela ya chama haitoki. Hata ikiwa yangu." Kisha akamgeukia Mugenyi. "Lete debe lako. Na mizani iache palepale, tulipime kwanza."