Chuchu Aliyoinunua Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinunua chupa ya maziwa mtoto akiwa bado tumboni. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwapo. Vitu vya mtoto tulinunua baada ya kumsikia analia. Lakini yeye alikuwa mchuuzi wa samaki, alijua atarudi kisiwani Bumbire mapema kufuata mzigo wake, na mtoto atabaki na bibi yake. Akachagua chupa moja yenye chuchu ya mpira, rangi ya asali, akaileta nyumbani Rubya na kuionyesha kwa kila aliyepita uani. Nilimcheka. Nilimwambia anamnunulia mtu asiyejulikana hata sura.

Alijifungua salama, akatokwa na damu, na kabla ya jioni hatukuwa naye tena.

Mtoto akabaki kwa mama yangu. Mimi nafundisha shule Bukoba, nakaa Buhembe, na kila Jumamosi nilikuwa napanda kwenda Rubya. Baba wa mtoto alikuja kutoka kisiwani kwa mazishi, akakaa siku chache, akarudi ziwani. Simlaumu. Au namlaumu, lakini hilo si neno la leo.

Siku tunamtoa mtoto hospitali, nesi alitukalisha kwenye benchi na kutufundisha. Alianza kwa kusema kwamba kikombe kingefaa kuliko chupa. Kikombe kina mdomo mpana, hakina kona za kuficha uchafu, ukikiosha unaona umekiosha. Mama akatikisa kichwa. Kikombe ni cha mgonjwa na cha mzee, alisema, mtoto hunyonya. Nesi hakubishana, akaendelea na chupa. Suuza kwa maji baridi mara mtoto anapomaliza, maziwa yasikaukie ndani. Osha kwa maji moto, sabuni na brashi yake yenyewe. Chuchu igeuze ndani nje. Suuza tena. Kisha tumbukiza vyote kwenye sufuria, maji yavifunike, pasiwe na hewa iliyobaki ndani ya chupa, funika, na maji yakishatokota kabisa hesabu dakika kumi. Acha humo humo mpaka utakapovihitaji. Na usivifute kwa kanga, kwa sababu kanga imeshafuta mambo mengi.

Mama alikuwa mwanafunzi ambaye sijawahi kumpata darasani. Alitenga sufuria moja, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alinawa mpaka viwiko. Brashi aliitundika juani. Majirani walikuja kutazama namna bibi asiyejua kusoma anavyohudumia chupa, wakatoka wakisifu, nami nilijivuna kana kwamba nilimfundisha mimi.

Jambo moja tu lilimshinda: kuepua. Dakika kumi zilipita, yeye anaongeza kuni. Aliiacha chupa ichemke kama anayepika ndizi, mpaka jikoni kote kulikuwa na mvuke. Nilipomwambia inatosha, alijibu bila kunitazama.

"Kifo kimeingia humu ndani, waitu, mwanangu. Nakichemsha."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyekufa alikuwa mwanawe kabla hajawa mdogo wangu.

Mpira una mwisho wake, na moto huuharakisha. Jumamosi moja niliishika ile chuchu nikahisi inanata vidoleni. Rangi ya asali ilikuwa imekuwa ya chai ya rangi. Ilikuwa imevimba, na nilipoivuta haikurudi upesi kama ilivyotakiwa. Nikatia maziwa, nikaigeuza chupa kichwa chini. Chuchu nzima hudondosha tone, tone, tone. Hii ilimimina. Nikakumbuka kwamba mtoto alikuwa anapaliwa kila anaponyonya, na mama alikuwa anasema ana haraka kama mama yake.

Nilinunua mpya mjini, zinazoenea mdomo wa chupa ile ile, nikampelekea. Akanishukuru. Jumamosi iliyofuata nikaikuta ile ya zamani mdomoni mwa mtoto.

"Hizo zako anazikataa," mama alisema. "Analia."

"Analia kwa sababu zinamtaka anyonye, mama. Hii inammwagia. Ameshazoea kumwagiwa."

"Ameshazoea hii."

"Mama, hii imekwisha. Inatupwa."

Hapo ndipo alipoinua macho. "Aliishika kwa mkono wake," alisema. "Akaniambia, mama, tazama rangi yake. Sasa nitupe?"

Mimi ni mtu wa hasira, na siku hiyo sikuwa na hata chembe. Nilifunga chuchu mpya kwenye chupa, nikaichukua ile ya zamani na kuitia mkobani mwangu. Nilipofika Buhembe na kufungua mkoba haikuwamo. Alikuwa ameitoa nilipokwenda kuaga kwa jirani.

Simu ilikuja katikati ya juma. Mtoto anahema haraka, mbavu zinaingia ndani, maziwa hayataki. Nilimkuta wodini, mama amekaa pembeni na chupa yake kwenye kitambaa safi. Nesi aliomba kuiona. Aliigeuza juu ya beseni, maziwa yakashuka mfululizo. Akaiminya chuchu, na pale shingoni pake pakafunguka ufa ambao hata mimi sikuwa nimeuona. Ndani ya ufa kulikuwa na utando mweupe, maziwa ya zamani.

Alieleza taratibu, kwa heshima. Maziwa mengi yanashuka kuliko koo la mtoto linavyoweza, mengine yanakwenda kifuani. Na mpira ukishapasuka, brashi haifiki; na mahali ambapo brashi haifiki, kuchemsha hakutoshi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni chuchu, bibi. Zinachakaa."

"Chuchu ilikuwa inajipeleka yenyewe mdomoni?"

Nesi akanitazama mimi. Nikasema ambayo mtu husema: kwamba hakuna bibi aliyeosha kama yeye, kwamba alifanya kwa upendo. Yote yalikuwa kweli, na niliyaona yanamwangukia bila kumgusa.

Mtoto alipona. Nalisema waziwazi maana watu wakinisikia nasimulia hivi hudhani alikufa. Alipoanza kumeza, nesi alinifundisha kikombe: unamkalisha wima, unagusisha ukingo kwenye mdomo wake wa chini, humwagi, unamwachia avute mwenyewe kwa ulimi. Nilimwita mama aje ajaribu. Alisema anaona vizuri kutoka pale alipo.

Siku ya kuruhusiwa alinikabidhi nguo zote za mtoto, zimepigwa pasi.

"Mchukue," alisema. "Mmoja alitoka tumboni mwangu akafa. Huyu alikuwa anafia mikononi mwangu. Inatosha."

Nilimbembeleza njia nzima mpaka stendi. Nilikasirika hata nikamwambia anamfanya mtoto yatima mara ya pili. Akabaki stendi, na mimi nilipanda gari na mtoto.

Sasa anatembea. Anakunywa uji kwa kikombe chake, anakipiga mezani akimaliza, anacheka kama mdogo wangu kabisa. Kulea mwana ni kazi, wahenga walisema kweli, lakini hii kazi naipenda. Tukienda Rubya anamkimbilia bibi yake mikono juu, anataka kubebwa. Mama hurudi nyuma hatua moja. Humwambia mtoto asubiri, mikono ya bibi ni michafu, aende kwa mama mkubwa.

Huwa ametoka kunawa. Maji bado yanamdondoka vidoleni.