Alasiri Iliyowahi Wakati Wake

Namhimidi Mwenyezi Mungu, Mwenye jua na Mwenye kivuli, aliyeviamuru vyote viwili viende kwa kipimo, navyo haviwahi wala havichelewi hata siku moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na ahali zake na sahaba zake. Sisi waja ndio tunaowahi na kuchelewa, na haya ninayoyaandika ni habari ya kuwahi.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Makorora, Tanga mjini, nikaenda Moa kusomesha chuo cha Kurani. Mwadhini wa msikiti wa pale alikuwa amevuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, akaoa huko, akawa hana haja ya kurudi. Imamu, mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, akanikabidhi adhana. Saa ya ukutani nayo ilikuwa imeliwa na chumvi, ikapelekwa kwa fundi mjini. Kila tulipomtuma mtu kuiulizia, fundi alijibu kuwa iko tayari, imebaki kutembea tu.

Basi nikawa natazama jua. Nilichomeka kijiti uani mwa msikiti, mahali palipo sawa, kilichotoka juu ya ardhi dhiraa moja, yaani shubiri mbili kamili. Kivuli chake kikifika shubiri mbili, nilipanda kibarazani nikaadhini alasiri. Nilianza kazi hiyo mwezi wa tatu, na hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa sita ulipofika, alikuwepo mtu mmoja tu aliyeona jambo. Huyu alikuwa mzee mshona nyavu, ambaye kibaraza chake kilitazamana na msikiti.

"Maalim," aliniambia, "zamani baina ya adhuhuri na alasiri nilikuwa naziba matundu yote ya jarife, wavu mkubwa wa papa. Sasa sifiki nusu, unaadhini. Siku zinakunjwa hizi. Ni alama ya Kiyama."

"Mungu atujaalie mwisho mwema," nilimjibu.

"Amina. Lakini mimi nimeshamwambia mke wangu asianze kufuma mkeka mwingine."

Mzee yule alikuwa na mjukuu chuoni kwangu, mtoto wa miaka tisa, mfupi, mwenye kawaida ya kusimama mlangoni wenziwe wakishaondoka. Jioni moja alisimama hapo, kivuli chake kimevuka uwanja kikapanda ukuta wa jirani.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Huendi kwenu?"

"Maalim, kwa nini kivuli changu kinakuwa kirefu jioni?"

"Ni kudra ya Mungu."

"Kudra naijua, maalim. Kila kitu ni kudra. Nauliza inavyofanyika."

Nilimuuliza babu yake anasemaje.

"Babu anasema jioni mtu amechoka, hakibebi tena kivuli chake, anakiburura."

Nilimwambia aje kesho asubuhi. Nilisema hivyo ili nipate usiku mmoja wa kufikiri.

Asubuhi niliwakalisha watoto, nikafunga madirisha ya chuo na kutundika pazia mlangoni mpaka chumba kikawa giza. Nikawasha kandili. Nilisimamisha kijiti sakafuni katika kipande cha udongo, nikamwambia mtoto yule ashike kandili juu, karibu na utosi wa kijiti. Kivuli kikawa kama kisigino, kimekaa chini ya kijiti. Nikamwambia aishushe taratibu upande mmoja, kama jua linavyoshuka upande wa milima ya Usambara. Kadiri taa ilivyoinama, kivuli kilijivuta upande wa pili.

"Nuru haipindi," niliwaambia. "Inakwenda moja kwa moja. Kijiti kinaizuia, na pale isipofika ndipo penye kivuli."

Nilichukua uzi wa nyavu, nikaushika kwenye kandili, nikaupitisha ncha ya kijiti, nikauvuta hadi sakafuni. Uliangukia palepale kivuli kilipokomea. Taa ikiwa juu, uzi ulishuka wima na kugusa chini karibu. Taa ikiwa chini, uzi ulilala, ukatembea mbali kabla ya kugusa. Taa ikiwa nusu ya njia yake kutoka wima kwenda ulalo, kivuli na kijiti vikalingana urefu. Kuanzia hapo, kila taa ilipozidi kushuka kwa kiasi kilekile, kivuli kiliongezeka kwa hatua kubwa zaidi, mara mbili ya kijiti, mara nne, mara kumi, mpaka kikafika ukutani na kufifia.

"Kwa hiyo si mimi ninayechoka," alisema mtoto.

"Si wewe. Jua ndilo linaloinama."

"Na saa sita, jua likiwa utosini, kivuli hakipo?"

"Hakipo."

Nilijibu bila kusita, kwa sababu nilikuwa nimekwishaona kwa macho yangu. Sheikh wangu wa Makorora alitutoa nje mchana mmoja wa mwezi wa tatu, akasimamisha fimbo, na fimbo haikuwa na kivuli. Tangu siku hiyo sikuhitaji kutazama tena.

Mchana mtoto alirudi anahema.

"Maalim, kipo."

"Nini kipo?"

"Kivuli. Saa sita hii. Nimekingojea, kimefupika, kimefupika, kikagoma. Hakimaliziki."

"Umekosea kutazama."

"Njoo ukitazame wewe, maalim, labda kitakuonea haya."

Nilitoka naye hadi uani. Kijiti changu cha dhiraa moja kilikuwa na kivuli cha shubiri na kidole. Nilikingoja kifupike, hakikufupika. Kikaanza kurefuka tena upande wa mashariki. Nilitazama juu. Jua halikuwa utosini. Lilikuwa limesimama upande wa kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, na kivuli kilikuwa kimeangukia kusini, kwenye mlango wa kuingilia msikitini.

Nilikaa chini. Mwezi wa tatu jua hupita juu yetu kwenda kaskazini, na miezi ya upepo wa kusi huwa limekaa hukohuko. Hata likifika kilele cha siku, bado limeinama. Kivuli kile cha shubiri na kidole hakikuletwa na kushuka kwa jua kwenda magharibi. Kilikuwepo kabla halijaanza kushuka. Mimi nilikuwa nakihesabu pamoja na kivuli cha alasiri.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba kanuni yenyewe niliijua. Niliwasomesha watoto kila Jumatano, wakaiimba kwa sauti mpaka mtaani ikasikika: alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kitu, mbali na kivuli cha adhuhuri. Mbali na kivuli cha adhuhuri. Nilikuwa nawachapa waliosahau maneno hayo.

Kipimo cha siku ile kilipasa kiwe shubiri tatu na kidole. Mimi ningeadhini kwa mbili. Tofauti yake ni kama saa nzima. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka: kila siku niliwahi kidogo tu kuliko jana, tangu mwezi wa tatu, na watu wakanifuata polepole kama maji yanayokupwa. Na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haikuwa faradhi ya siku ile. Kijiji kizima kilisali alasiri zaidi ya miezi miwili, na alasiri haikuwa imeingia.

Shetani alinijia kwa upole. Aliniambia niongeze ile shubiri na kidole kuanzia leo, ninyamaze. Imamu haoni. Mzee mshona nyavu atafurahi. Lakini mtoto alikuwa amesimama pembeni yangu, anahesabu kwa vidole.

"Maalim, basi jana tulisali saa ngapi?"

Nilikwenda kwa imamu. Nilimkuta amejinyoosha kitandani, nikamweleza yote tangu kijiti hadi kandili. Nilimaliza kwa kusema kuwa niko tayari kurudi Makorora kumsaidia mjomba wangu kuuza mkaa.

"Mkaa unaujua?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi usiende kuharibu na mkaa." Akainuka akaketi. "Wewe uliponuia, ulinuia nini?"

"Faradhi ya alasiri."

"Hukusema alasiri ya siku fulani?"

"Hapana."

"Na wengi wao hawasemi. Sikiliza. Wamo wanazuoni wa madhehebu yetu waliosema, mtu akidumu kusali hivyo kabla ya wakati bila kujua, basi sala ya leo humlipia ile ya jana, na ya kesho ikamlipia ya leo. Ile ya kwanza kabisa inakuwa sunna. Inayobaki bila kulipwa ni ya mwisho tu."

"Moja?"

"Moja. Ya jana. Ya leo hujaadhini bado, au umeshaadhini?"

"Sijaadhini."

"Alhamdulillahi. Sasa fatwa ni yangu, lakini kusema ni kwako. Mimi sikuchomeka kijiti."

Wakati wangu wa kawaida ulipofika, nilikaa kibarazani bila kuadhini. Watu walikuja hivyohivyo, kwa mazoea, wakatawadha, wakaketi. Mzee mshona nyavu alifika mwisho, sindano ya nyavu bado sikioni.

"Maalim, umelala? Au sauti imekwenda Pemba kumfuata mwenzio?"

Nilisimama. Nilisema kuwa nimekuwa nikiwaadhinia kabla ya wakati, nikaeleza kivuli cha adhuhuri ni kipi, nikawaonyesha kijiti, nikaomba radhi. Imamu akaongeza habari ya sala moja.

"Kwa hiyo siku hazikunjwi?" aliuliza mzee.

"Hazikunjwi, babu. Ni mimi."

Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Nimemzuia mke wangu kufuma mkeka kwa ajili yako," alisema. "Sasa utamwambia wewe."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Tulikaa uani tukakitazama kivuli, wanaume wazima ishirini na zaidi, kama watu wanaongoja maji yachemke. Kilipotimu shubiri tatu na kidole, mtoto akasema, "Tayari," na hakuna aliyempinga. Niliadhini. Tukasali kwanza ya jana, kisha ya leo.

Tulipotoka, mtoto alinifuata mlangoni.

"Maalim, jua likirudi kusini, mwezi wa kumi na mbili, kivuli cha adhuhuri kitaangukia kibla?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Niliuzuia.

"Sijui," nilimwambia. "Tungoje tuone."

Tulingoja. Mwezi wa kumi kivuli cha saa sita kilitoweka kabisa kwa siku chache, kisha kikatokea upande wa pili. Mwezi wa kumi na mbili kilielekea kibla, kifupi kuliko kile cha mwezi wa sita, kama theluthi ya kijiti. Mtoto alikipima, akanitangazia, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanafunzi kama yule nikiwa bado kijana.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akubariki katika siku zako ndefu na fupi, akupokelee sala ulizozisali kwa wakati wake na akusamehe zile ulizokosea bila kujua, na akuweke chini ya kivuli chake siku ambayo hakutakuwa na kivuli kingine. Amina.