Utangulizi wa Mzee Mwisho

Jina la Mzee Mwisho hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watazamaji, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi alisimama mbele ya skrini kutambulisha filamu na, kwa nia njema kabisa, akawaambia nani anakufa.

Zamani alikuwa mkata tiketi wa jumba la sinema, mpaka lilipogeuzwa ghala la magodoro. Siku hizi filamu huonyeshwa katika ukumbi wa maktaba, kwenye viti vya plastiki vinavyolalamika kuliko wakosoaji. Jioni moja ilikuwa zamu ya filamu ya fundi cherehani anayemngoja mwanawe, ile ile aliyompeleka marehemu mkewe kuitazama kila iliporudi mjini. Kiongozi wa mjadala alikuwa binti yao, mhariri wa filamu, anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliomjua akiwa na makamasi.

"Baba," alimwambia kando, "ukimuua yule fundi kabla taa hazijazimwa, mimi narudi nyumbani."

"Nani kasema anakufa?"

"Baba! Na habari za mama uziache. Utangulizi si matanga. Waambie waelekeze macho wapi, basi. Watakachokiona ni chao."

Mzee akashika kipaza sauti. "Filamu hii ni ya kale, haina rangi, na mwanzoni watu hawaongei. Msidhani spika zimekufa. Kila picha ikirudi dukani kwa fundi, angalieni mlango umeachwa wazi kiasi gani. Sikilizeni cherehani: inanyamaza wakati gani, na nani kaingia."

"Na mwisho je, Mzee?" sauti ikatoka nyuma. Ukumbi ukacheka.

Mwisho ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Binti yake akashika mkoba.

"Mwisho," akasema, "uko mwishoni."

Mkoba ukarudi chini.

"Atakayeongoza mjadala ni mhariri. Kazi yake ni kuamua picha ikatwe wapi, kwa hiyo muulizeni pia kilichoachwa nje. Hatawapa jibu, atawauliza mmeona nini, na katika onyesho lipi. Karibuni."

Akaketi. Taa zikazimwa.

Zilipowashwa, binti alianza na swali moja: "Ule mlango mliuonaje?" Mikono ikainuka kama darasani. Huyu aliona unazidi kufungwa, yule akabisha kuwa ni upepo, mwingine akakumbusha kwamba cherehani ilinyamaza kabla mlango haujasogea. Mjadala ukashika moto wenyewe.

"Na wewe, Baba? Umeitazama mara nyingi kuliko sisi sote."

Mzee Mwisho akakohoa.

"Mlango nimeuona leo. Zamani aliyekuwa akiuangalia ni mama yako. Mimi nilikuwa namwangalia yeye akiuangalia."

Binti aliinamia karatasi zake kidogo, kisha akauliza kama kuna swali lingine.