Sungura wa Marlene

Marlene Hryciuk alikuwa na miaka arobaini na saba alipoanza kuogopa kifundo cha mkono. Alikata mabega ya nguruwe miaka mingi katika kiwanda kilicho nje ya mji wetu wa Brandon, na hakuwahi kuogopa mfupa wowote. Kisha magoti yakamchoka, akajiandikisha chuoni asomee kuwasaidia wagonjwa kwa mazoezi ya viungo, na mtihani wa kwanza wa mifupa ukamwangusha. Alisimama mbele ya meza, kengele ikalia, akatoka na karatasi tupu.

Chuo kinaruhusu kurudia mara moja. Ukishindwa tena, unaondoka. Kiwandani walikuwa bado wanamhitaji, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: mlango ule ulikuwa wazi sana.

Mimi nilikaa naye meza moja maabara, kwa hiyo nilizijua kadi zake. Alizikata mwenyewe kutoka maboksi ya nafaka, akazifunga kwa raba. Upande mmoja aliuchora mfupa, upande wa pili akaandika jina na maneno ya kulishikia. Mguuni, fibula ni fimbo, nyembamba, iko nje. Tibia ni tegemeo, nene, iko ndani. Mkononi, rediasi hufuata gumba popote gumba linapokwenda. Alizisema ndani ya gari kabla injini haijapata moto, na pumzi yake ikiganda kwenye kioo kwa baridi.

Mifupa minane ya kifundo cha mkono ilimpa tabu kuliko yote. Imepangwa safu mbili, minne kwa minne, midogo kama kokoto: skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu, halafu trapeziamu, trapezoidi, kapitati, hamati. Marlene aliitungia sentensi, herufi ya kwanza ya kila neno ikiwa mfupa mmoja: *Sungura Leo Tumpike Polepole, Tena Tumle Kabla Hajaiva.*

"Sasa huyo sungura mnampika polepole halafu mnamla mbichi?" mumewe Lorne alimuuliza, akiwa ameishika kadi kwa vidole vyenye siagi ya perogi, vile vitonge vya unga vyenye viazi ndani.

"Ndiyo maana hasahauliki. Niulize jingine."

"Mimi nimeshiba. Kesi ya huyu ipeleke polisi."

Jumapili kabla ya mtihani, Lorne huyohuyo aliweka sufuria ya supu ya viazisukari vyekundu juu ya kadi ile. Ilipotolewa, sungura alikuwa doa jekundu tu. Kesho yake Brody Chartrand, kijana wa meza ya nyuma yetu, akamtengenezea nyingine kwa wema wake.

"Mama, hii yangu ni nzuri zaidi," akasema. "*Shemeji, Lete Taa Pembeni, Huku Kuna Tope Tupu.*"

Marlene aliisoma, akacheka, akaitia kwenye raba. Hakuna kati yetu aliyeona kilichokuwa ndani yake. Sungura huanzia kwenye gumba katika safu zote mbili. Shemeji huanzia kwenye gumba, hufika kidole cha mwisho, kisha hupanda safu ya pili na kurudi nyuma mpaka gumbani. Zote mbili ni sahihi, ila haziendi njia moja, na Brody hakuchora mshale.

Asubuhi ya mtihani Marlene alikuwa na rangi ya unga.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Chai tu, garini."

"Unaijua mifupa, Marlene. Unaijua kunishinda."

"Naijua nikiwa garini," akasema. "Humo ndani sijui kama nitakuwa na kichwa."

Mwalimu Desrosiers alikusanya kadi zetu mlangoni, akatupanga, kila mtu kwenye kituo chake, chenye mfupa wa kutaja jina na upande. Dakika moja, kengele, unasogea. Huruhusiwi kurudi wala kugusa mifupa. Kulikuwa na viti viwili vya kupumzikia katikati ya mzunguko, na hapo unaweza kurekebisha karatasi yako lakini si kuangalia meza.

Nilikuwa kituo kimoja nyuma yake, nikiona mgongo wake tu. Kwenye paja aliandika haraka. Kwenye bega aliandika kabla hajainama. Kisha akafika kwenye mkono. Ulikuwa wa kushoto, umelazwa mgongo juu, na stika nyekundu juu ya mfupa mmoja wa safu ya pili. Nikaona mabega yake yakipanda, yakabaki huko juu.

Baadaye alinieleza kilichotokea. Sungura alikuja, lakini alipofika safu ya pili shemeji akadakia: Huku Kuna Tope. Akaanza kuhesabu kutoka gumbani, kama alivyozoea, lakini kwa maneno ya Brody. Mfupa wa kwanza, H. Akaandika *hamati, kushoto*. Alijua kuna kitu hakijakaa sawa, kama mtu aliyetoka nyumbani akahisi jiko linawaka. Kengele ikalia.

Vituo vinne vilivyofuata alivijibu huku masikio yakivuma. Alipofika kwenye kiti cha kupumzika, alikaa mikono ikiwa chini ya mapaja. Alijaribu kuuona tena mkono ule akilini. Kila alipouona ulikuwa umegeuka: mara gumba huku, mara gumba kule, na stika ikihamahama kama nzi. Sentensi mbili zilipigana kichwani, na hakuna hata moja iliyojua stika ilikuwa wapi.

Nikamwona akitoa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya karatasi, mgongo juu. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kwa kidole cha kulia akafuata mfupa wa gumba kuelekea kifundoni, polepole, mpaka unapokoma na kitu kingine kuanza. Hapo akasimama. Stika ilikuwa imekalia mfupa unaobeba gumba. Hilo alikuwa ameliona kwa macho, kabla ya maneno yoyote. Na hamati iko ng'ambo ya pili, upande wa kidole cha mwisho. Akafuta. Akaandika *trapeziamu* sekunde chache kabla ya kengele.

Nje, kwenye korido, Brody alikuwa ameegemea ukuta.

"Stika nyekundu mliandika nini?"

"Trapeziamu," Marlene akasema.

"Ala. Mimi trapezoidi. Si ndiyo T ya kwanza?"

Marlene akamgeukia. "Kwenye sungura T ya kwanza ni trapeziamu."

"Sungura gani tena, mama? Kwa shemeji, T ya kwanza ni trapezoidi."

"Shemeji yako anatokea wapi?" nikamuuliza Brody. "Kwenye safu ya pili anatoka gumbani, au anarudi gumbani?"

Brody akaanza kuhesabu kwenye mkono wake, akapotea njiani. Hakuwa amewahi kujiuliza.

Marlene hakungoja jibu. Alikwenda chooni, na nilipomfuata nilimkuta amelaza mkono wa kushoto juu ya sinki, akiufuata tena mfupa wa gumba. Saa ile hakuamini mkono wake wala macho yake.

Alasiri mwalimu alituita ndani, akaturudishia kadi, akatugawia karatasi zilizosahihishwa. Marlene aliikunja yake bila kuitazama, akanipa mimi. "Nisomee. Kama ni mbaya, usiseme kitu, nipe tu koti langu."

Nilimwambia amepita, kwa alama chache tu, na trapeziamu ilikuwa mojawapo. Hakutabasamu. Aliketi kwenye ngazi, viganja vikiwa magotini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Unajua nimeogopa nini? Siku moja atakuja mtu na mkono wake unamuuma, aniulize ni mfupa gani, na mimi nianze kumtajia sungura."

Brody akaja kutoka ndani na kalamu ya wino mzito. Naye alikuwa amepita. Akaomba ile kadi aliyomtengenezea Marlene, akachora mshale uliokwenda na kurudi. Marlene akaichukua kalamu, akaandika juu ya mshale: *Shika gumba lako kwanza.*