Waya wa Kijani Usiofika Chini

Mtaa mzima walimwita Mstari. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti, likitoka siku za kusaini tu. Alikuwa fundi umeme, mwanamke mwembamba aliyevuka hamsini, na jina hilo alilipata kwa sababu paipu za nyaya alizofunga yeye hazikuwahi kukaa upande. Akimaliza kazi husogea hadi mlangoni, hufumba jicho moja na kuziangalia. Zikiwa zimepinda hata kwa upana wa ukucha, anafungua na kuanza upya, na hakuna wa kumzuia. Kazi alifundishwa na baba yake, naye fundi, ambaye tangu azikwe ilikuwa miaka tisa. Mtu akimsifu Mstari, jibu lake lilikuwa moja siku zote: msifuni mzee, mimi nilishika koleo tu.

Jumatatu hiyo aliitwa nyumbani kwa mkunga mstaafu, bibi aliyewapokea duniani nusu ya wakazi wa mtaa ule. Mume wake, mwalimu wa zamani, alikuwa anatolewa hospitali Ijumaa na angerudi na mashine ya oksijeni, ya kuwashwa mchana na usiku. Mkunga alitaka soketi ya mashine chumbani, hita ya maji bafuni, na jiko la umeme jikoni, kwa sababu moshi mwalimu asingeuweza tena. Kisha akatoa sharti lake. Ukuta usiguswe. Nyumba ilikuwa ya mawe na udongo, imepakwa chokaa, na mara ya mwisho mtu alipochimba ili kupitisha bomba la maji, kipande cha ukuta kiliporomoka na kuacha shimo la kupita mbuzi.

"Nimekuita wewe kwa sababu baba yako ndiye aliyetutilia umeme humu," mkunga alimwambia. "Nyumba inakujua."

Mstari aliyapokea maneno hayo kama zawadi. Alivua viatu, akaingia na daftari, na kwa saa nzima hakushika chombo zaidi ya futi kamba na pimamaji. Alikuwa akiitafuta njia. Nyumba kuukuu, alipenda kusema, ina njia zake tayari, kazi ya fundi ni kuziona. Juu ya kila mlango kulikuwa na tundu la hewa, na chini ya dari, korido nzima, ulipita ubao mpana ulioshika boriti. Basi akachora. Kutoka kwenye kisanduku cha umeme, mfereji mmoja wa plastiki wenye kifuniko utapanda wima kwenye kona, ufuate ubao ule hadi mwisho wa korido, ukibeba nyaya za njia zote tatu bila kusongamana, zisije zikachemka. Kila mlango utakapofikiwa, njia moja itachepuka na kuingia chumbani kwenye paipu yake kupitia tundu la hewa, itembee pembeni mwa dari, kisha ishuke wima hadi kwenye soketi. Wima, si mshazari, ili atakayekuja kupigilia msumari miaka kumi baadaye ajue waya uko wapi. Vibanio vitashikwa na mbao kila penye mbao. Penye chokaa vitakaribiana zaidi, na karibu na kila kona kitakuwepo kimoja upande huu na kimoja upande ule. Mwisho, paipu zote zipakwe rangi ya ukuta.

Mkunga aliinama juu ya mchoro na miwani yake, akafuata mistari kwa kidole. Akauliza kwa nini chumba cha mwalimu kina njia ya peke yake. Mstari akamweleza kwamba jiko likileta hitilafu breka yake, swichi inayojikata yenyewe, itaanguka, na mashine ya oksijeni haitakiwi kuanguka nayo. Mkunga akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuchemsha chai.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku. Mstari alitaka kuona kama kina nafasi ya breka mpya, kama waya mkuu unaweza kuubeba mzigo, na ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ikoje, maana hita ya maji bila ethi ni mtego juu ya kichwa cha mtu aliyelowa. Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko, akajikuta anatabasamu peke yake. Ilikuwa kazi ya mzee kweli. Nyaya nyekundu zimelala pamoja, nyeusi pamoja, na za kijani, ambazo ndizo ethi, zimekusanywa zote kwenye kipande cha shaba na kukazwa moja moja. Kutoka kwenye shaba ile ulitoka waya mmoja mnene wa kijani ukazama ukutani, kuelekea nje, kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini. Ndivyo inavyotakiwa.

Alitoka nje kuikagua fimbo. Hakuiona. Alifagia majani kwa mguu, akachimbua udongo kwa bisibisi tangu kona hadi ngazi za jikoni. Huenda imefukiwa, alijiambia. Alirudi ndani, akawasha, akachukua taa ya kupimia. Akaiweka kati ya waya mwekundu na mweusi, ikawaka vizuri. Akaiweka kati ya mwekundu na ile shaba ya ethi. Haikuwaka. Akabadili balbu. Haikuwaka.

Akazima tena swichi kuu, akahakikisha. Kisha akaushika ule waya mnene kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo, kama mtu anayejaribu jino. Ulitoka. Ulitoka wote, urefu wa shubiri moja, na vumbi la chokaa likamwagika juu ya miguu yake. Waya haukuwa umekatika wala kuliwa na kutu. Ncha yake ilikuwa imekunjwa na kuzungushiwa utepe mweusi, na mwisho wa utepe umerudishwa nyuma kidogo na kuwa kama sikio, ili mtu atakayekuja aweze kuubandua bila kuusumbukia.

Mstari aliuleta utepe ule karibu na macho. Ukunjaji ule ulikuwa wa mtu mmoja duniani. Mstari alifundishwa huo akiwa na miaka kumi na tatu, mikono ya baba yake ikiwa juu ya mikono yake, na yeye amewafundisha vijana kila mwaka kwa maneno yale yale: mfikirie atakayekuja baada yako. Alikaa chini sakafuni, waya uko mapajani. Mtu anaweza kusahau fimbo. Mtu hawezi kusahau fimbo kisha akaufunga waya ukutani ili wenye nyumba waone unaingia.

Akili yake ilikuwa inafanya hesabu bila kuombwa. Nyaya zote za kijani zimeungana pale, na hazifiki ardhini. Maana yake kifaa kimoja kikivujisha umeme, hauna pa kwenda, unasambaa nyumba nzima, hadi kwenye vifaa vizima. Na wazo jingine likaja, akaona aibu kwa kulifikiria: angeweza kuchomeka fimbo mpya mchana huu, akafunga kisanduku, na hakuna binadamu ambaye angejua.

Mkunga alirudi na sinia la chai, akamkuta sakafuni. Mstari hakunyanyuka. Alimwambia yote pale pale, taratibu, bila kuruka neno, na alipofika kwenye jina la aliyefanya akasema "baba yangu".

Mkunga aliweka sinia juu ya kiti, na yeye akakaa kwenye kiti kingine. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana ya mtu aliyezoea kupokea habari mbaya kazini.

"Huo umeme unaosambaa, mtu akiugusa anasikiaje?"

"Kama ganzi, mama. Kama sindano ndogo ndogo. Mikono ikiwa na maji unaweza kurushwa."

Mkunga alivigeuza viganja vyake akavitazama. Alieleza kwamba kwa miaka minne amekuwa akisikia sindano hizo akishika mlango wa friji, na akipiga pasi. Daktari alimwambia ni mishipa, labda sukari inaanza. Amekuwa akinywa vidonge. Ameacha chai ya sukari, ameacha kuwashika watoto wachanga wa majirani kwa kuogopa mikono yake itawaangusha. Alisema haya yote akiwa bado anatazama viganja, kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyemwazima.

"Baba yako nilimpikia," alisema mwishowe. "Siku tatu alizokuwa humu nilimpikia. Alikaa ulipokaa."

Mstari alisema kama mama anataka fundi mwingine, atamtafutia mzuri na kumletea mchoro. Mkunga aliinuka, akaenda jikoni, akachomoa friji, akarudi.

"Mwalimu anakuja Ijumaa," alisema. "Fanya wewe. Lakini kila utakachofunga nitakiona kwa macho yangu hadi mwisho wake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Fimbo ya shaba ilishindiliwa ardhini karibu na bomba la bustani, penye unyevu, na mkunga alisimama akihesabu nyundo hadi kikabaki kichwa tu. Waya mpya wa ethi alitembea nao kwa mkono tangu fimbo hadi kisandukuni. Mstari alifunga kisanduku kipya, chenye swichi za kukata umeme unapovuja, moja kwa ajili ya chumba cha mwalimu peke yake. Nyaya za njia zote tatu zilipita juu ya ubao kama mchoro ulivyosema, zikaingia kwenye matundu ya hewa, zikashuka wima. Soketi za zamani alizipima moja baada ya nyingine. Safari hii taa iliwaka kila mahali. Ukuta haukudondosha hata punje ya chokaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mstari alimaliza kazi bila kusogea mlangoni kufumba jicho.

Ijumaa mwalimu aliletwa, mashine ikawashwa. Mkunga alikuwa amerudisha friji. Aliushika mlango wake kwa mkono uliolowa, akauacha pale muda mrefu, huku uso wake haujui ufurahi au ulie.

Wiki iliyofuata Mstari alitoa kwenye sanduku la mama yake madaftari ya kazi ya mzee, akaorodhesha nyumba kumi na moja za mitaa ile alizozitilia umeme. Kaka yake alimsihi aache marehemu alale. Mstari alianza kubisha hodi, akijitambulisha kwa jina la baba yake, akiomba kuona ethi tu, bure. Nyumba ya kwanza haikuwa na fimbo. Ya pili pia haikuwa nayo. Alifunga mpya, akaomba radhi, akaenda.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja mfumaji, nyumba duni kuliko zote. Alizunguka nyuma akiwa na fimbo mpya begani, na pale chini ya dirisha akaiona ya mzee: imezama sawasawa, kibanio chake kimepakwa grisi, imejengewa kikuta kidogo cha tofali ili isigongwe na jembe. Alipima. Taa iliwaka kali. Mjane alimuuliza kama kuna tatizo, na Mstari akaitua fimbo mpya chini. Alichuchumaa mbele ya kile kikuta, akakigusa tofali kwa tofali, ameduwaa kuliko alivyoduwaa kwa mkunga, maana sasa alijua kwamba mzee alijua hatari ya nyumba isiyo na fimbo, na kwingine aliiacha akijua.