Kisahani Namba 417

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa, Fundi Boila aliamini makato yake ya uzeeni ya miaka kumi na mmoja yamezikwa humo. Miaka ishirini baadaye bado alikuwa akichochea tanuri la mkate, magoti yakimlilia, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuacha kazi kabla kazi haijamwacha yeye.

Ndipo akakutana na mpakiaji mmoja wa zamani wa kiwanda hicho, mama aliyenenepa kwa furaha. "Wewe bado unachoma mikate? Wenzako tumeshalipwa! Kiwanda kilikufa, mfuko wetu haukufa."

Fundi akaenda kiwandani, akakuta ghala la viti vya plastiki. Mlinzi akamtuma kwa mdhibiti wa mifuko ya pensheni. Huko wakaangalia orodha, wakamwambia mfuko wa kiwanda ulihamishiwa mfuko mwingine, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili. Lifti, bila shaka, ilikuwa imekufa.

"Namba yako ya kazi, mzee?" akauliza karani, binti mwenye miwani.

Hati za malipo zililiwa na mchwa zamani. Lakini mfukoni alikuwa na kisahani cha shaba chenye namba, kile walichokitundika getini kila asubuhi ili kuhesabiwa. Siku ya kufungwa aliondoka nacho. Tangu hapo alikuwa akikitumia kufungulia soda.

"Mia nne kumi na saba."

Karani akabonyeza, akatabasamu, kisha akakunja uso. "Upo, baba. Hujadai mpaka leo. Ila mafao hulipwa ukifika sitini. Humu una hamsini na nane. Kitambulisho chako kinasema sitini na nne."

Fundi akakohoa bila kikohozi. Siku ya kuajiriwa, getini walitaka vijana, naye akajipunguzia miaka sita. Hata mkewe alimwoa kwa umri huohuo wa sabuni.

"Hakijaharibika kitu. Leta cheti cha kuzaliwa na kiapo mbele ya wakili kwamba huyu wa humu ni wewe. Na hapa kwenye fomu mwenzi wako asaini."

Sehemu ya mwenzi ilikuwa chini ya tarehe ya kuzaliwa, kama mtego.

Siku mbili fomu ikalala chini ya godoro. Ya tatu, goti likakataa ngazi za duka la mikate. Akaiweka mezani mbele ya mkewe, akatazama ukuta.

Mkewe akasoma polepole, akashika kalamu.

"Mama watoto, kuhusu hiyo tarehe…"

"Baba watoto, nguo zako nimefua mimi miaka thelathini. Unadhani kitambulisho hujitoa chenyewe mfukoni?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana. Mtu anayepaka nywele zake za mvi rangi ya viatu, umvunje moyo kwa nini?" Akasaini, akamrudishia. "Ila kesho mwambie mwenye duka atafute kijana. Kijana wa kweli."