Uji wa Mgeni Aliyetupatia Nyota Tano

Mwenye nyumba ya wageni niliyofanyia kazi mjini Likasi alikuwa mjane wa Kiislamu, familia yake imetoka Maniema, watu wa biashara. Mimi nilikaa mapokezi. Vyumba, funguo, simu ya nyumba, yote mikononi mwangu. Jikoni kulikuwa na mama mmoja Mkatoliki, mume wake mfanyakazi wa kiwanda cha shaba cha Shituru.

Asubuhi moja simu ya nyumba ililia. Mgeni ameandika maoni yake kwenye ramani ya mtandaoni, pale watu wanapotutafuta kabla ya kuja. Nyota tano. Jina hakuweka, herufi mbili tu. Nilimsomea mwenye nyumba kwa sauti:

"Nilifika na moyo mzito, nikatunzwa kama mtoto wa nyumba. Umeme ulikatika, lakini kila asubuhi nilikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni. Na yule mama wa jikoni, uji wake sitausahau."

Mwenye nyumba akaweka kikombe chini. "Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha nikafungua jibu ambalo aliyekuwa mapokezi kabla yangu aliliacha kwenye simu: *Mgeni mpendwa, asante kwa maoni yako mazuri. Kuridhika kwako ni furaha yetu. Karibu tena.* Nilikuwa karibu kulituma aliponishika mkono.

"Ngoja. Onyesha ya wengine."

Nikateremsha kidole. Maneno yale yale yalikuwa chini ya mfanyabiashara aliyesifu maegesho, chini ya maharusi, chini ya dereva wa lori la mgodi wa Kakanda.

"Ni kama muntu anasalimia njiani bila kugeuza kichwa," mwenye nyumba akasema. "Huyu mgeni atajua namna gani kama tulisoma maneno yake? Kwanza, weye unamujua ni nani?"

Sikumjua. Wageni walikuwa wengi, na ndoo za maji ya moto tulizipeleka kwa wote. Akasimama, akanivuta jikoni, akaniamuru nisome mara ya tatu.

Mama wa jikoni alikuwa anapuliza makaa kwenye mbabula. Aliposikia neno uji aliacha kupuliza.

"Ni ule mwalimu wa Kolwezi," akasema. "Mwenye kaka yake alilazwa hospitali. Nilikuwa namupikia uji wa karanga wa kupeleka. Nilimuonyesha kufunga chombo na kitambaa, uji usipoe njiani." Akapangusa macho. Alisema ni moshi.

Hapo nikakumbuka vizuri: mwanamke mrefu, aliyekuwa akitoka alfajiri amekumbatia chombo kifuani. Nikaandika haraka, kwa moyo wote. Nikashukuru, nikataja uji wa karanga, nikamalizia kwamba tunamwombea kaka yake aliyelazwa apone.

Mwenye nyumba alisoma polepole. "Nzuri. Lakini toa ya kaka."

"Mama, si ndiyo inaonyesha tunamkumbuka?"

"Hiyo alituambia sie, hapa ndani. Mule kwenye simu hakuisema. Kila muntu atasoma. Jibu kile alichosema mwenyewe, ingine tunabakia nayo kwa moyo."

Nilimtazama mwenye nyumba, ambaye hata kuandika ujumbe mrefu kulimchosha, nikajisikia nimepata bahati ya kufanya kazi chini yake. Nikafuta. Kisha akamgeukia mpishi: "Na weye unamwambia nini?"

Jibu tulilotuma lilikuwa hili: "Asante, mwanetu. Tulisoma maneno yako jikoni, mbele ya mama wa uji mwenyewe. Amefurahi mpaka akasahau moto wake. Anasema ukirudi atakupikia tena, na safari hii ukae uunywe kwa utulivu. Maji ya moto yatakuwa mlangoni."

Jioni ujumbe wa faragha ukaingia kwenye simu ya nyumba. Alikuwa yule mwalimu. Aliandika kwamba amelia kidogo, na kwamba kaka yake ametoka hospitali, sasa anatembea mpaka getini. "Nilijua mmenikumbuka. Asante kwa kunyamaza." Mwenye nyumba akasema alhamdulillahi, mpishi akafanya ishara ya msalaba. Hatukumwambia mtu mwingine.

Tangu siku hiyo maoni yote mapya yalisomwa jikoni kwanza. Hayakuwa rahisi yote. Mgeni mmoja aliweka nyota tano na neno moja: "Pazuri." Tulibishana mpaka bukari, ugali wetu, ikaiva. Hakutaja chumba wala chakula, na hakuna aliyemkumbuka. Nilipendekeza sentensi tatu tamu.

"Apana," mwenye nyumba akasema, ananawa mikono. "Tusimudanganye kama tunamujua. Muntu wa neno moja, mujibu kwa mawili."

Nikaandika: "Asante sana."